Kabla Utume Pesa ya Kuosha Nyota: Zohali Hakulaani, Anakuchelewesha

Leo naongea na wewe uliyefungua ile apu ya nyota saa sita usiku, ukaweka tarehe yako ya kuzaliwa, ukapata Zohali amekaa mahali pabaya, na tangu siku hiyo hulali poa. Umesoma kwamba utaolewa ukiwa mzee, au pesa itakupita, au ati utahangaika maisha yote. Halafu TikTok ikakuletea msee mwenye shanga na mishumaa, anasema atakuondolea hiyo sayari kwa elfu tatu mia tano.

Msimamo wangu ni huu. Ukichukua unajimu vile wenyewe waliuandika, Zohali ni sayari ya kungoja. Hakuna mahali anasema "kamwe". Anasema "bado", na hiyo "bado" iko na tarehe. Yeyote anayekuambia "kamwe" hajasoma, ama amesoma na anataka pesa yako.

Tuanze na hilo jina baya lilitoka wapi. Watu wa kale walikuwa wanaona kwa macho vitu saba tu vinavyotembea angani: Jua, Mwezi, na sayari tano. Mwezi unazunguka anga yote kwa siku kama 27. Jua linachukua mwaka. Zohali anachukua karibu miaka 29 na nusu. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho, wa mbali, hafifu, na mwenye mwendo wa kobe. Ptolemi, msomi aliyeishi Aleksandria karne ya 2, aliandika kwamba Zohali ni baridi na mkavu kwa sababu yuko mbali na joto la Jua. Fikiria hiyo tu: baridi, ukavu, umbali, na mwendo wa pole. Kutoka hapo ndipo wanajimu wakampa uzee, upweke, mifupa, madeni, kuta na kila kitu kinachochelewa. Waarabu wakamuita nuhusi kubwa, Mirihi akawa nuhusi ndogo, na neno hilo nuhusi liko hadi leo kwa Kiswahili cha pwani, kumaanisha mkosi. Wahindi wanamuita Shani, na moja ya majina yake maana yake ni "yule atembeaye polepole".

Umeona? Ukali wote wa Zohali umejengwa juu ya kitu kimoja, upole wa mwendo wake. Na kitu kinachotembea polepole kwa kasi inayojulikana, unaweza kukihesabu. Hapo ndipo wale wa mishumaa hawataki ufike.

Sasa nyumba. Ramani ya kuzaliwa imegawanywa nyumba 12, na kila nyumba ni sehemu ya maisha. Ya kwanza ni wewe mwenyewe na mwili wako. Ya pili ni pesa na mali. Ya saba ni wenzako, yaani mchumba, mume, mke, na pia mtu mliyefunga naye mkataba. Ya kumi ni kazi na jina lako mbele ya watu. Zohali akikaa kwa nyumba fulani, tafsiri ya zamani ni kwamba hapo mambo yanakuja kwa kuchelewa na yanataka mpangilio. Akiwa kwa ya pili, pesa inakuja kidogo kidogo na inakaa kwa mtu anayeandika matumizi. Akiwa kwa ya saba, unachagua polepole, na wale walioharakisha wakiwa na hiyo ramani ndio wanalia. Hata kuna nyumba Zohali anaipenda. Wagiriki walisema anafurahia nyumba ya 12, ile ya upweke na kazi zinazofanyika bila watu kuona. Wewe unayehariri vidio usiku wa manane bila mtu kukujua, jamaa yuko nyumbani hapo.

Nataka tupitie ramani moja pamoja, ndio uone hii kitu inafanya aje. Kuna dada mmoja aliniandikia akiwa ameogopa vibaya sana. Alizaliwa Nairobi, tarehe 14 Septemba 2004. Apu ilimwambia Zohali yuko nyumba ya kwanza, na usiku. Akasoma kwamba huyo ni mtu wa huzuni, mwili mzito, asiyependeka. Akaniuliza, "Kaka, hii inatolewa aje?"

Nikamuuliza swali moja kwanza. Ulizaliwa saa ngapi, na nani alikuambia? Akasema mathe alimwambia saa mbili, na yeye akaweka 02:00.

Wasee, hapo ndio kuna shida. Mathe akisema saa mbili, anaongea Kiswahili. Nikamwambia ampigie. Mathe akasema ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, manesi wakibadilishana zamu. Yaani 08:00. Wengi wetu tuliokulia Nairobi tunaongea saa za Kiingereza na wazazi wetu wanaongea saa za Kiswahili, na hapo katikati kuna tofauti ya saa sita nzima.

Saa sita kwa ramani ni kitu kikubwa. Nyumba zinahesabiwa kuanzia nyota iliyokuwa inachomoza mashariki dakika ile ulizaliwa, na hiyo nyota inabadilika takriban kila saa mbili. Ukikosea saa sita, umesongesha nyumba zako kama tatu. Zohali mwenyewe hakusonga. Mwaka huo wote wa 2004 alikuwa kwa nyota ya Kaa, ile ya waliozaliwa mwisho wa Juni na Julai. Kwa ile saa ya makosa, Kaa ndiyo ilikuwa inachomoza, kwa hivyo Zohali akaangukia nyumba ya kwanza. Kwa saa ya kweli, iliyokuwa inachomoza ni Mizani. Sasa hesabu na vidole. Mizani ya kwanza, Nge ya pili, Mshale ya tatu, Mbuzi ya nne, Ndoo ya tano, Samaki ya sita, Kondoo ya saba, Ng'ombe ya nane, Mapacha ya tisa, Kaa ya kumi. (Kuna njia kadhaa za kugawa nyumba. Mimi natumia ile kongwe, ambapo nyota moja nzima ni nyumba moja, kwa sababu unaweza kuihesabu bila apu.)

Kwa hivyo Zohali wake yuko nyumba ya kumi. Hakuna mahali panasema hapendeki. Panasema jina lake kikazi litakuja polepole. Na kuna kitu kingine kilibadilika. Wanajimu wa zamani walitofautisha waliozaliwa mchana na waliozaliwa usiku. Zohali ni wa upande wa mchana, kwa hivyo kwa mtu wa mchana ni mwalimu mkali lakini wa haki, na kwa mtu wa usiku ndiye anakuwa mgumu zaidi. Huyu dada alikuwa amejiweka usiku wakati alizaliwa jua likiwaka. Amelia wiki mbili juu ya ramani ya mtu mwingine.

Wewe unaweza kujicheki hivi. Fungua ramani yako uangalie alama ya Jua. Kama ulizaliwa mchana, Jua lazima liwe nusu ya juu, kwa nyumba ya 7 hadi 12. Kama ulizaliwa asubuhi mapema, liko karibu na ya 12. Kama unajua kabisa ulizaliwa asubuhi na Jua lako liko kwa nyumba ya 3, chini, basi uliweka saa vibaya. Huyu dada lake lilikuwa hapo hapo kwa ya 3. Kwa ramani sahihi liko ya 12. Na kama hakuna mtu anajua saa uliyozaliwa, hata shosho hakumbuki, basi hujui Zohali wako yuko nyumba gani, na hakuna mtu mwingine anajua. Mtu akikuambia nyumba bila kukuuliza saa, ametunga.

Sasa tuingie kwa kuchelewa kwenyewe. Zohali hukaa kwa nyota moja kama miaka miwili na nusu. Tangu mahali alipokuwa ulipozaliwa, anafika robo ya safari ukiwa na miaka kama 7, nusu ukiwa 14 au 15, robo tatu ukiwa 21 au 22, na anarudi pale pale alipoanzia ukiwa na 29 hivi. Hizo pembe nne ndizo wanajimu wanaita mitihani yake. Kwa hivyo ukiwa na miaka 22 na unahisi umekwama huku wengine wanasonga, unajimu una jibu rahisi sana: uko kwa pembe ya tatu, na kila mtu wa umri wako yuko hapo na wewe. Yule wa darasa lenu anayepiga picha na gari pia yuko hapo.

Twende kwa ramani ya dada yetu. Tangu Februari 2026, Zohali yuko kwa Kondoo, na atakaa huko hadi Aprili 2028. Kwake Kondoo ni nyumba ya saba, ile ya wenza na mikataba. Kutoka Kondoo, Zohali anaangalia Kaa kwa pembe mraba, yaani nyumba ya wenza inasukumana na nyumba ya kazi. Na hapo usahihi wa tarehe unaanza kuwa mtamu. Zohali wa kuzaliwa wake yuko karibu digrii 24 za Kaa. Zohali wa angani atafika digrii 24 za Kondoo katikati ya 2027. Lakini kila mwaka, kwa kama miezi minne na nusu, Zohali anaonekana akirudi kinyumenyume, kwa sababu Dunia inampita kama nganya inavyopita lori kule Thika Road. Kwa hivyo atapita hiyo digrii, arudi aipite tena kuelekea mwisho wa mwaka, halafu aende mbele na kuipita mara ya tatu mwanzo wa 2028. Baada ya hapo imeisha, hadi mzunguko ujao.

Mara tatu. Hii ndiyo sehemu ya nidhamu ambayo watu huruka. Wanajimu husoma mpito wa kwanza kama swali, wa pili kama marekebisho, na wa tatu kama jibu. Nikamuuliza dada anafanya nini saa hii. Anasuka nywele, yeye na rafiki yake, wamekodi kachumba kamoja. Kodi wanagawana, wateja wanagawana, viti na draya alinunua yeye. Kuna mkataba? Hakuna, ni beshte yangu.

Sawa. Kazi, mwenza, mkataba. Nilimwambia kama ningekuwa wewe singeomba Zohali aondoke. Ningechukua daftari sai. Andikeni draya ni ya nani, kodi ikichelewa nani analipa kwanza, na mmoja akitaka kutoka anatoka na nini. Ikifika katikati ya 2027, kama kuna ufa utajionyesha, na mtakuwa na karatasi ya kurejelea. Mwisho wa mwaka mrudie karatasi na kurekebisha pale iliposumbua. Mwanzo wa 2028 amueni kama mnaendelea pamoja. Hiyo ndiyo maana ya Zohali kwa nyumba ya saba. Hakuna mshumaa unahitajika. Na angalia, hata kama nyota ni hewa tupu, watu wawili wanaofanya biashara bila kuandika kitu wanahitaji hiyo daftari.

Hapo nafika kwa swali najua mtaniuliza kwa komenti. Je, Zohali ndiye anasababisha? Mimi sisemi hivyo. Mwaka 1985 jarida la sayansi la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson, ambapo wanajimu walipewa ramani bila majina na kuombwa wachague maelezo ya tabia ya mwenyewe. Walipatia kiasi kile kile ambacho mtu angepata kwa kubahatisha. Na hata zile pembe za miaka 7, 14 na 21, ziangalie vizuri. Kwa mfumo tuliosomea, ukiwa 7 uko darasa la kwanza au la pili, 14 unaingia fomu wani, 21 au 22 uko kampasi ama umetoka na unatafuta kazi. Mimi mwenyewe niliacha chuo nikiwa na miaka 21, na mnajimu yeyote angeniambia ni Zohali. Lakini hiyo ndiyo miaka ambayo karo, kozi na maisha hukutana hata kama hakungekuwa na sayari juu. Zohali ni kalenda ndefu ambayo inaangukia mahali maisha tayari huwa magumu. Natumia hiyo kalenda kwa sababu inanilazimisha kufikiria kwa miaka miwili na nusu badala ya wiki mbili. Sidai zaidi ya hapo, na wewe usimlipe mtu anayedai zaidi.

Na kuna ile nyingine inawatisha zaidi, hasa wale mnaofuata wanajimu wa Kihindi: Sade Sati, miaka saba na nusu ya Shani. Inahesabiwa kutoka kwa Mwezi wako. Shani akiingia nyota iliyo kabla ya Mwezi wako, imeanza. Anapita nyota hiyo, anapita nyota ya Mwezi yenyewe, anapita inayofuata. Mara tatu miaka miwili na nusu. Ukisikia "miaka saba na nusu ya mateso" lazima upaniki. Lakini piga hesabu. Nyota ni 12, na wakati wowote ule tatu kati yake ziko ndani ya Sade Sati. Tatu kwa kumi na mbili ni robo. Panda matatu ya abiria 33, wanane hivi wako ndani yake sasa hivi, na mmoja wao pengine ni yule anayecheka kwa simu. Kitu kinachompata robo ya binadamu kila siku hakiwezi kuwa laana yako wewe binafsi. Ni msimu, kama masika.

Pia jua kwamba Wahindi wanahesabu nyota kwa njia tofauti na ile ya apu nyingi, na tofauti yenyewe ni kama digrii 24. Ndiyo maana apu moja inasema Zohali yuko Kondoo na nyingine inasema yuko Samaki, na zote ziko sawa kwa hesabu zake. Makosa ni kuchukua Mwezi wako kwa apu moja na Sade Sati kwa vidio ya mwingine, halafu ukajichanganyia balaa ambayo haipo kwa hesabu ya mtu yeyote. Chagua njia moja ukae nayo.

Basi mtu akikuambia Zohali amekuharibia, muulize vitu vitatu kabla ya kufungua pochi. Yuko nyumba gani, na umejua aje bila saa yangu? Anatoka lini? Na nifanye nini mimi mwenyewe kabla atoke? Mnajimu anayejua kazi yake atajibu yote matatu, na jibu la tatu litakuwa la kuchosha: lipa deni kidogo kidogo, andika mkataba, maliza kozi ile fupi, lala mapema. Yule tapeli atakosa tarehe, na jibu lake la tatu litakuwa namba ya kutuma pesa.

Zohali yuko Kondoo hadi Aprili 2028. Tafuta Kondoo ni nyumba ya ngapi kwako, ukianzia na nyota yako inayochomoza. Hapo ndipo mambo yatakuwa ya pole kwa hii miaka miwili. Ukishajua, chagua kitu kimoja cha hiyo nyumba ambacho umekuwa ukikiahirisha, na ukianze na kalamu.

Lakini kwanza piga simu nyumbani, uulize ulizaliwa saa ngapi. Na uulize kama ni saa ya Kiswahili.